Kidole cha Nne

Wakili alimwita Mama Vidole, tarishi alimwita Mama Vidole, na hata wateja waliofika mara moja tu waliondoka na jina hilo mdomoni. Mwenyewe hakukasirika. Alisema jina la kupachikwa ni kama kovu, ukiliona ujue kuna siku mtu alijikata.

Alikuwa mhazili katika ofisi ndogo ya uwakili, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Vyumba vilikuwa vitatu: cha Wakili, cha makabati, na hiki cha kwake chenye dirisha moja, feni inayolalamika na benchi la wateja lililoingia bonde katikati kwa kukaliwa na watu wenye shida. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya meza ile. Alianza na mashine ya taipu, akaja kwenye kompyuta nene kama sanduku, sasa yuko kwenye hii nyembamba ambayo tarishi husema ukiipuliza itaruka. Mashine zilibadilika. Yeye hakubadilika, na kwa hilo alijivuna kidogo, tusimfiche.

Vidole vyake vilikuwa hivi. Kabla ya kutuma barua yoyote, aliondoa mikono kwenye kompyuta, akainua mkono wa kushoto, akakunja kidole kimoja kimoja. Gumba lilikuwa la majina: jina la kila mtu alilisoma herufi kwa herufi kutoka kwenye hati ya mahakama, wala si kutoka kichwani, kwa sababu kichwa huandika jina linalojulikana mtaani. Cha shahada kilikuwa cha viambatisho: hakutosheka kuona jina la faili, alilifungua pale pale kwenye barua na kulitazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Cha kati kilikuwa cha tarakimu: namba ya kesi, tarehe, siku ya wiki ilingane na tarehe, idadi ya kurasa. Cha pete kilikuwa cha viungo, au linki, kama wote wanavyoziita: alizifungua kwa simu yake, ambayo haikuingizwa kwenye akaunti ya ofisi, kwa sababu kwenye kompyuta ya mwenye nyumba kila mlango hufunguka, na hiyo haikuambii kama mgeni ataweza kuingia. Kidole kidogo kilikuwa cha mpokeaji. Sehemu hiyo aliiacha tupu mpaka mwisho kabisa, ili hata mkono ukiteleza barua isiwe na pa kwenda. Kisha aliandika anwani yote mwenyewe, hakukubali ile ya kupendekezwa na mashine, maana mashine hukuletea wakili mwingine mwenye herufi tatu za mwanzo zinazofanana, nawe unashukuru.

Nyumbani mume wake, mwalimu mstaafu, alimcheka hadi kikohozi kimshike. "Mke wangu huyu," aliwaambia wageni, "hata akitaka kuwaandikia watoto kwamba tumelala salama, lazima kwanza ahesabu vidole. Asubuhi inafika bado hatujalala."

Naye alijibu, "Cheka tu, baba. Wewe hujawahi kumkalisha mtu kwenye benchi."

Alikuwa anamkumbuka mzee mmoja. Mwaka wake wa tatu kazini aliandika tarehe kumi na tisa badala ya kumi na sita. Mzee yule akafika mahakamani tarehe kumi na tisa, kavaa koti, kabeba karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, akakuta shauri lake limefutwa siku tatu nyuma kwa sababu hakutokea. Hakugomba. Alikuja akakaa kwenye lile benchi tangu asubuhi mpaka saa nane, akamwangalia mhazili, akasema tu, "Binti, mimi nilifuata barua." Vidole vilianzia hapo. Miaka kumi na tisa haikutoka tena barua yenye kosa, na ukitaka kujua hatari ya mtu huyu ilikuwa wapi, ilikuwa hapo hapo, kwenye miaka kumi na tisa.

Sasa njoo kwa mshonaji.

Mshonaji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye alama nyeupe juu ya nyusi ambayo hakuzaliwa nayo. Alikuja ofisini mara ya kwanza na watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa sita, akachagua kukaa mahali anapoona mlango. Alikuwa amemkimbia mume. Sitasimulia alichofanyiwa, kilikuwa kwenye picha kumi na nne, kwenye cheti cha hospitali na kwenye maelezo ya jirani aliyevunja mlango kumtoa. Alikuwa anaomba mambo mawili mahakamani: amri ya kumzuia mume asimkaribie, na watoto wabaki naye. Na alikuwa na hofu moja tu, ambayo aliirudia kila alipokuja.

"Mama, asijue ninapokaa. Mengine yote ayajue. Hilo tu asilijue."

"Hatalijua," Mama Vidole alimwambia.

"Aliniambia nikijificha atanitafuta, na akinipata hatasema neno."

"Mwanangu, mimi ndiye ninayetuma barua za ofisi hii. Hatalijua."

Sheria ilikuwa na njia yake. Ushahidi wote ulitakiwa upelekwe mahakamani na nakala kwa wakili wa mume, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kwa siri. Lakini anwani ya mshonaji iliandikwa peke yake, katika kiapo cha kurasa mbili, kiende kwa hakimu tu, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa mkono wa tarishi. Kiapo kilitaja chumba chake nyuma ya nyumba ya muuguzi mmoja, rangi ya geti, na shule ya watoto. Mama Vidole alikichapa mwenyewe siku ya Jumatatu. Akakihifadhi kwenye folda ya kesi hiyo, akisubiri Wakili akipitie kabla ya kusainiwa. Kila karatasi ya kesi moja ilikaa kwenye folda moja. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na ukimkuta mtu ameacha faili nje, jioni hiyo utasikia.

Jumanne asubuhi ushahidi ulikuwa tayari kutumwa. Picha zilikuwa nzito. Barua ikakataa kuzibeba kama kiambatisho, na skana nayo ilikuwa imeukata ushahidi vipande vitatu: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku nyingine angetengeneza linki tatu, kila moja kwa faili lake. Lakini linki tatu ndefu zilizopangana ndani ya barua zilimkera macho. Zilionekana kama nguo za ndani zilizoanikwa mbele ya wageni. Akaamua kutengeneza moja tu, ya folda, mpokeaji akifungua achukue sehemu zote tatu. Barua ikawa safi, mistari saba.

Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akainua wa kushoto.

Gumba. Majina matatu ya mshonaji, majina matatu ya mume, jina la hakimu. Sawa. Cha shahada. Barua ya utangulizi yenye sahihi ya Wakili ilikuwa imeambatishwa; akaifungua, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Sawa. Cha kati. Namba ya kesi, tarehe ya kusikilizwa, na Alhamisi kweli ilikuwa Alhamisi. Kurasa thelathini na nane. Sawa. Cha pete. Akachukua simu yake, kasimu kadogo kenye kioo kilichopasuka pembeni, akaibonyeza linki. Folda ikafunguka bila kuuliza nenosiri. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na kipicha chake, zikajaza kioo chote. Sawa. Kidole kidogo. Akaandika kwa mkono anwani ya masjala ya mahakama, akaandika ya wakili wa mume, akazisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesali.

Saa nne na robo, akatuma.

Saa tano na dakika tano simu ya mezani ikalia. Alikuwa karani wa masjala, kijana mchangamfu waliyetaniana naye miaka mingi.

"Mama Vidole, leo umenifungulia kabati zima!"

"Kabati gani tena wewe?"

"Hiyo linki yako. Naona mafaili manne. Matatu ni ya ushahidi, nimeshayachukua. Hili la nne limeandikwa Siri, Kiapo cha Makazi. Nalo unataka nilisajili, au linakuja kwa bahasha?"

Mama Vidole alisikia feni. Alisikia mtu akikata kioo kule chini dukani, ile sauti nyembamba inayoingia kwenye meno.

"Mama? Upo?"

"Usiliguse," akasema. "Usilifungue. Tafadhali sana, mwanangu." Akakata simu.

Kioo cha simu yake kilikuwa kidogo. Mafaili matatu yalikijaza, na la nne lilikuwa chini yake. Hakusogeza kidole. Kidole kimoja, kusogeza mara moja tu juu, basi.

Aliifungua folda, akaenda mahali pa kushirikisha, akabadilisha *yeyote mwenye linki* ikawa *mwenyewe tu*. Saa tano na dakika nane. Akaijaribu kwa simu: haikufunguka. Mlango ulikuwa umekaa wazi dakika hamsini na tatu.

Mfumo wao wa kuhifadhi mafaili huonyesha folda imefunguliwa mara ngapi. Akaangalia. Mara tatu, zote kwa jina la mtu asiyejulikana.

Moja ilikuwa simu yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya karani. Ya tatu? Akampigia tena karani.

"Wewe uliifungua mara ngapi?"

"Mara moja. Au mbili. Mtandao ulikatika kidogo, sikumbuki vizuri. Kwani kuna nini, mama?"

Akaweka simu chini. Na hapo, msomaji, ndipo shetani alipovuta kiti akaketi naye. Maana hesabu ilikubali. Simu yake moja, karani mbili, jumla tatu. Inawezekana kabisa upande wa pili hawajafungua. Mlango umeshafungwa. Karani ni mtu wake, akimwambia anyamaze atanyamaza. Wakili yuko chumbani kwake anaongea na mteja, hajui. Amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu, na miaka kumi na tisa bila kosa, na picha ile ukutani aliyopigwa na ofisi nzima ikimpongeza. Atengeneze linki mpya, aandike "samahani, ya kwanza ina hitilafu," na dunia iendelee. Nani atajua?

Tena aliogopa. Usidhani mtu mzima haogopi. Aliogopa kufukuzwa, aliogopa uso wa Wakili, aliogopa kwamba mumewe hatacheka tena. Macho yake yakaangukia benchi, lile bonde la katikati, akamwona mshonaji amekaa anatazama mlango. *Hilo tu asilijue.*

Akanyanyuka. Hakubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi ofisi ile.

"Wakili, nimetuma anwani ya mshonaji kwa upande wa pili."

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mwepesi wa maneno. Mteja aliyekuwa mbele yake alisema baadaye kwamba aliona rangi ikimtoka. Lakini hakupiga kelele.

"Saa ngapi?"

"Nne na robo. Nimefunga linki saa tano na dakika nane. Imefunguliwa mara tatu, moja sijui ya nani."

"Basi tuhesabu ni ya mume," Wakili akasema, tayari ana simu mkononi. "Mteja kwanza. Lawama baadaye, na zitakuja, Mama, usiwe na wasiwasi. Mpigie."

Akampigia mshonaji. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Mara tano. Mwanamke anayejificha huwa hapokei ovyo, na mwenye cherehani hasikii. Au kuna sababu nyingine.

"Nenda," Wakili akamwambia. "Chukua gari langu, tarishi aendeshe. Mimi nampigia wakili wao, kisha polisi, kisha hakimu. Nenda!"

Tarishi alikuwa mzee mwenzake, mtu wa maneno mengi na mwendo wa pole. Siku hiyo hakusema kitu, na gari halikwenda pole. Njiani Mama Vidole alimpigia mhazili wa wakili wa mume. Walifahamiana tangu enzi za taipu, wakiitana Shosti.

"Shosti, barua yangu ya saa nne umeifungua?"

"Kuifungua sijaifungua, nina kazi hapa hadi puani. Nimeipeleka kwa mteja kama ilivyo. Si unajua bosi wangu, barua ikiingia, nakala kwa mteja hapo hapo."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne na nusu. Kwani umesahau kiambatisho? Wewe? Leo jua limechomoza wapi!" Akacheka.

Mama Vidole hakucheka. Akaangalia saa ya gari. Saa tano na nusu imepita. Mume ameshakuwa nayo saa nzima.

"Ameipata?" tarishi akauliza, macho barabarani.

"Anayo."

"Basi funga mkanda."

Walipofika kwenye geti la rangi ya kijani, lilikuwa wazi nusu. Sasa jiulize wewe, geti la mtu anayejificha linaachwaje wazi? Mama Vidole alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Akapita ukuta wa nyumba ya muuguzi, akapita kamba ya nguo, na masikio yake yalikuwa yanatafuta kitu kimoja. Hakukisikia. Hakuna cherehani. Akafika mlangoni, pazia limeshushwa, akaita kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake.

Kimya.

Akaita tena.

Pazia likasogea. Mshonaji alikuwa amesimama na pini mdomoni na nguo ya mtu begani. Alikuwa anapindisha upindo kwa mkono; mtoto wa jirani ndiye aliyetoka akaacha geti wazi. Simu ilikuwa chini ya vitambaa, imezimwa sauti. Alimtazama Mama Vidole, akamtazama tarishi nyuma yake, akatoa pini moja moja mdomoni.

"Amejua," akasema.

"Amejua. Ni mimi. Nimekosea mimi, mwanangu, utanitukana kwenye gari. Chukua vyeti vya watoto na nguo za kubadilisha. Shule inatajwa pia."

Hilo la shule ndilo lililomwangusha. Akakaa chini kwenye vipande vya kitambaa. Kisha akanyanyuka, akaanza kukusanya, na nilivyosimuliwa ni kwamba alikusanya kwa dakika sita, kama mtu aliyeshafanya zoezi hilo kichwani mara mia. Cherehani akakiangalia, akakiacha. Tarishi, bila kuulizwa, akakibeba mabegani kama mbuzi, akakiweka kwenye buti la gari.

Shuleni mwalimu mkuu alitaka barua rasmi ya kuwatoa watoto kabla ya muda. Mama Vidole, ambaye maisha yake yote aliheshimu barua rasmi, aliinama juu ya meza yake akamwambia, "Mwalimu, mimi ni mwandishi wa barua rasmi. Nitakuandikia kumi kesho. Leo nipe watoto." Wakapewa. Binti mkubwa aliona cherehani kwenye buti. Alimshika mdogo wake mkono. Mama Vidole aliketi mbele akitazama kioo cha pembeni, na kila pikipiki iliyowafuata zaidi ya kona mbili ilimkausha mate.

Saa nane mchana walikuwa mahali pengine. Wakili alikuwa amekwisha kupanga na chama cha wanawake wenye nyumba ya hifadhi. Mama Vidole alishukia njiani, mbali na hapo, kwa hiari yake. Alimwambia tarishi, "Nisiijue nyumba."

Saa kumi na nusu muuguzi alipiga simu ofisini. Alisema amekuja mwanamume mmoja saa tisa, kavaa shati safi, sauti ya chini. Alikuwa na simu mkononi na akiitazama kama mtu anayesoma maelekezo. Hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasukuma mlango wa chumba, akasimama ndani. Kisha akatoka akaketi kwenye kizingiti, akiwa ameshika kipande cha kitambaa, akakunja, akakunjua. Alikaa hapo hadi gari la polisi lilipoingia mtaa ule. Akanyanyuka, akamuaga muuguzi kwa adabu, akapita uani kwa jirani, akaondoka zake.

"Hakusema neno?" Mama Vidole akauliza.

"Zaidi ya kuniaga? Hata moja."

Mama Vidole aliweka mkono wa simu mahali pake. Kama angetengeneza ile linki mpya. Kama angeandika "samahani, ina hitilafu." Saa tisa mshonaji angekuwa anapindisha upindo, pini mdomoni, simu chini ya vitambaa.

Lawama zilikuja, kama alivyoahidiwa. Wakili alimpa barua ya onyo, akamtaka aichape mwenyewe, akaichapa, akahesabu vidole kabla ya kumpelekea. Wakili wa mume, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifuta barua ile na kuandika kwa hakimu kukiri kwamba kiapo kilimfikia mteja wake. Hakimu alitoa amri ya kuzuia siku ile ya Alhamisi, bila kusubiri mengine. Picha ya pongezi Mama Vidole aliishusha ukutani yeye mwenyewe. Nyumbani mumewe alisikiliza yote, hakucheka, akamsogezea kiti. Usiku ule na nyingine nyingi aliota kioo kidogo chenye mafaili matatu, naye anajaribu kusogeza kidole na kidole hakisogei.

Baada ya wiki tatu mshonaji alikuja ofisini kusaini kiapo kipya. Alikaa pale pale, anapoona mlango. Alikonda. Mama Vidole hakujua aanzie wapi. Samahani alikuwa ameshasema mara nyingi, na kosa la kidole cha nne, cha linki, alishamsimulia lote kwenye gari, lakini samahani haijengi nyumba. Alimpa karatasi asome. Penye anwani pangeandikwa kwa kalamu, na mshonaji mwenyewe, mbele ya hakimu, na hakuna nakala yoyote ingekaa kwenye kompyuta ya mtu. Hilo lilikuwa wazo la Mama Vidole.

Ikabaki barua fupi ya kuijulisha mahakama kwamba atafika. Hakukuwa na linki ndani yake, hakukuwa na kiambatisho. Mistari minne. Mama Vidole aliisoma, akaondoa mikono kwenye kompyuta, akainua wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka. Aliutazama, akaushusha mapajani.

"Siwezi," akasema.

Mshonaji alinyanyuka kwenye benchi, akazunguka meza, akavuta kiti cha plastiki, akaketi ubavuni kwake, mgongo kwa mlango kwa mara ya kwanza tangu amjue. Akatandaza mkono wake mwenyewe mbele ya kompyuta, ncha za vidole zimejaa matundu ya sindano.

"Hesabu kwa vyangu," akasema. "Polepole. Na ukifika cha nne, hata kama hakuna kitu, angalia mpaka chini."